Madoa ya Mgongoni mwa Sijaona

Sijaona wa Kitangari alikuwa na madoa kabla hajavunja ungo. Yalikuwa madoa mepesi, ya rangi ya jivu lililomwagiwa maji, yaliyomtoka shingoni, kifuani na mgongoni. Joto likipanda yaliongezeka na kuungana. Baridi ya nyanda za juu ikirudi yalififia, mengine yakapotea kabisa. Mama yake aliyaita mba na kumsugua kwa majani. Hakuna aliyekosa usingizi kwa sababu yake.

Vita ndivyo vilivyoyapa madoa yale maana nyingine.

Mumewe, Mrisho, alikuwa fundi wa kuchonga mizinga ya nyuki. Habari za dawa ya maji zilipofika kutoka magharibi, alishuka uwandani pamoja na wenzake, akarudi na kibuyu kidogo. Alimsimamisha Sijaona uani, akachovya kitawi na kumnyunyizia mabegani na mgongoni, kisha akamnyunyizia na binti yao Mwanaisha. "Risasi za Wadachi zitageuka maji," alisema. Sijaona aliona aibu kusimama hivyo mbele ya majirani, akacheka. Mrisho hakucheka. Alishuka tena na wenzake kuelekea Masasi, na risasi hazikugeuka maji. Hakuna aliyerudisha hata nguo yake.

Ikaja njaa. Watu wakachimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, porini, wakala mizizi ambayo wazee walikuwa wameshaisahau. Joto la mwaka ule lilikuwa kali, na madoa ya Sijaona yakatoka kwa wingi kuliko miaka yote. Wanawake waliokuwa wakishuka naye kuteka maji walianza kumwacha atangulie, ili wamtazame kwa nyuma. Mmoja akasema, kwa sauti ya kunong'ona iliyotosha kusikika, "Tazameni. Pale pale yalipodondokea yale maji."

Sijaona aliendelea kushuka na mtungi wake. Usiku ule aliupeleka mkono mgongoni kadiri ulivyofika, akapapasa. Tangu hapo, kila aliposhuka mteremko wa kwenda mtoni, ule mrefu uliozingirwa na vichaka, alisikia kibuyu kikitikisika nyuma yake. Akigeuka, njia ilikuwa tupu. Hakuogopa sana. Alijisemea kwamba Mrisho hana kaburi, na asiye na kaburi lazima awe mahali fulani. Basi yuko kwenye ngozi yake.

Walikuwa wanaishi watatu: yeye, Mwanaisha, na Yuliana, mdogo wa Sijaona, ambaye alibatizwa na wamisionari wa Masasi kabla kituo chao hakijachomwa moto vitani. Yuliana alikuwa mzuri. Ngozi yake ilikuwa laini isiyo na dosari, na ndonya ilimkaa vyema mdomoni. Ndiye aliyempikia Mwanaisha na kulala naye mkeka mmoja.

Baada ya vita alipita Mzungu mmoja msafiri, aliyekuwa akikusanya picha za watu. Alikuwa na sanduku la mbao lenye miguu mitatu na kitambaa cheusi. Aliwakuta akina dada hawa njiani, wametoka mtoni na mitungi kichwani, akawasimamisha kwa ishara. Alitaka chale za mgongoni. Sijaona akageuzwa mgongo. Yuliana akaachwa aelekee sanduku, mkono mmoja umeshika mtungi. Jua lilikuwa la ubavuni. Mzungu akaingia chini ya kitambaa, akatoka, akawapa chumvi, akaenda zake.

Kiangazi kilichofuata, Akida Sadallah alipanda kutoka Newala na askari wawili. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na kikohozi kisichomwisha. Aliwakusanya watu, akatoa kipande cha karatasi ngumu na kukiinua juu.

"Huyu ni nani?"

Watu wakasogea, wakatazama, wakamwangalia Sijaona. Naye akasogea. Hakuwahi kuuona mgongo wake maishani. Kwenye karatasi ile ulikuwa mweusi tii, na madoa yalikuwa meupe kuliko alivyofikiri, meupe kama chokaa, yametapakaa kuanzia shingoni kwenda chini kama matone. Kwa hiyo ni kweli, aliwaza. Hivi ndivyo alivyoninyunyizia.

"Ni mimi, Bwana Akida."

"Daktari mkubwa wa serikali kule pwani ameonyeshwa picha hii na yule Mzungu msafiri," Sadallah alisema. "Amesema ni ukoma. Wenye ukoma wote wanapelekwa kijiji chao, chini kule upande wa Masasi. Fungasha."

"Ameniona wapi huyo daktari?"

"Amekuona humu." Akagonga karatasi kwa ukucha.

Yuliana alipiga yowe na kumkumbatia dada yake. Askari akamtoa kwa kitako cha bunduki. "Mwanaisha nitamlea mimi," alipaza sauti. "Dada, nitamlea kama wangu!" Sijaona alishuka nyanda akiwa amefunikwa shuka gubigubi kama maiti, kwa amri ya askari, ili watu wa njiani wasimwone.

Kijiji cha wagonjwa kilikuwa vibanda vichache chini ya mlima mmoja wa mawe kati ya ile ya Masasi, mlima mkavu, wenye rangi ya tembo. Misheni ilipeleka chakula na bandeji. Serikali ilipeleka watu. Jirani yake Sijaona alikuwa mzee Nikolao, mtu mpole ambaye vidole vyake vilikuwa vimefupika na macho yake hayafumbi sawasawa. Siku ya kwanza Sijaona alikaa mbali naye, akajionea haya kwa kukaa mbali, akasogea, akaogopa tena.

"Ulianzaje, baba?" alimwuliza hatimaye.

"Sikumbuki kuanza," alisema Nikolao. "Hakikuuma kitu. Siku moja nilinusa nyama ikiungua, nikatafuta jikoni. Ulikuwa mguu wangu."

Kuanzia hapo Sijaona hakuwa na amani na mwili wake. Alfajiri, kabla wengine hawajaamka, alivihesabu vidole, akavibana kimoja kimoja mpaka viume. Vilipouma alishukuru, kisha akashuku kwamba vimeuma kidogo kuliko jana. Mchana, upepo ulipopita kati ya mawe ya mlima, alikisikia kile kibuyu. Alimwambia Mrisho kwa sauti, "Ulisema yatanilinda." Wenzake waliacha kumwuliza anaongea na nani. Pale kila mtu alikuwa na wake.

Mvua za mwanzo zilipoanguka, misheni ilileta daktari. Alikuwa mwanamke Mwingereza, Bibi Ethel, mkavu, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake alikuwa amekipatia Unguja. Aliletewa wagonjwa mmoja mmoja chini ya turubai lililofunguliwa pande zote ili mwanga uingie. Zamu ya Sijaona ilipofika, mwangalizi wa kijiji alimkabidhi daktari nakala ya ile picha. "Huyu ameshathibitishwa pwani, Bibi. Tazama."

Bibi Ethel aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akairudia.

"Ningekuwa pwani nami ningeshuku," alisema. "Lakini hapa naona weupe na weusi tu. Picha haina joto, haina jasho. Siwezi kuigusa nikajua kama inasikia." Akaiweka kando kifudifudi. "Kaa hapa mwangani, mama. Unaitwa nani?"

"Mama Mwanaisha."

"Madoa haya yalianza lini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Sijaona alieleza, akianzia utotoni: joto na baridi, majani ya mama yake, miaka ambayo yalikuja na miaka ambayo yalipotea. Kuhusu kibuyu hakusema. Daktari aliuliza kama yanawasha. Kidogo, akitoka jasho. Je, kuna mtu nyumbani kwao mwenye ukoma? Hapana, amjuaye yeye. Amewahi kujikwaa au kuungua bila kujua? Hapana.

Kisha daktari akamfunga macho kwa kitambaa. Akasokota pamba mpaka ikawa na ncha nyembamba kama unyoya. "Nikikugusa, weka kidole pale nilipogusa. Usiposikia kitu, nyamaza." Ikaja pamba, nyepesi kuliko inzi, begani. Sijaona akaweka kidole. Ikaja shingoni, katikati ya doa, akaweka kidole. Ikaja mgongoni, juu ya doa kubwa kuliko yote, akapindisha mkono na kulifikia. Mara nyingine daktari alijifanya anagusa bila kugusa, na Sijaona alinyamaza. Vikaja vichupa viwili vya maji, kimoja cha moto, kimoja cha baridi, na kila mara alisema sawa kipi ni kipi, juu ya madoa na nje ya madoa.

Alipofunguliwa macho aliona daktari ameinama karibu kabisa na ngozi yake, akitafuta vinyweleo. Vilikuwepo, hata kwenye madoa. Akapapasa kwa vidole pembeni mwa shingo, kisha nyuma ya kiwiko, kwenye kile kifereji ambacho ukikigonga mkono mzima hupigwa ganzi, kisha ubavuni mwa goti. "Hapa hupita mishipa ya fahamu," alisema. "Ukoma hupenda kuingia humu. Mshipa huvimba ukawa kama kamba. Yako ni myembamba." Akamwambia azibane karatasi kati ya vidole huku yeye akizivuta, akatazama kama anafumba macho yakafungana. Halafu akampa ndoo aende kuteka maji juani na kurudi. Aliporudi, jasho lilikuwa limetoka juu ya madoa sawa na kwingine.

Mwisho akakwaruza doa moja kwa ubapa wa kisu. Kulianguka vumbi laini, kama unga wa muhogo. Alilikinga kwenye kioo, akalidondoshea dawa, akaweka chini ya darubini. Alichukua pia ute wa puani na majimaji ya ngozini, akavipaka rangi na kuvichunguza kwa muda mrefu, mpaka kivuli cha mlima kikafika kwenye turubai.

"Njoo utazame," alisema.

Sijaona alifumba jicho moja. Aliona nyuzi fupi fupi na punje za mviringo, zimerundikana.

"Huo ni ukungu, kama ule wa kwenye mkate uliolala. Unaota juu juu ya ngozi, unapenda joto na jasho. Ni mba. Wadudu wa ukoma sikuwaona, ingawa hilo peke yake lisingenitosha. Wapo wenye ukoma ambao darubini haiwaoni wadudu wao. Lakini ngozi yako inasikia, inatoa jasho, ina vinyweleo, mishipa yako ni mizima, madoa yanakuja na kwenda tangu utotoni, na ukungu nimeuona. Vyote vinasema jambo moja. Huna ukoma, Mama Mwanaisha."

Daktari alitarajia kilio cha furaha. Sijaona aliinua uso, akauliza, "Kwa hiyo si yeye?"

"Nani?"

"Mume wangu. Alininyunyizia maji. Nilidhani ndiye aliyeko humo."

Bibi Ethel aligeukia sanduku lake la dawa. Alimpa mafuta ya salfa ya kupaka. Sijaona alitoka nje akaketi juu ya jiwe, akamlilia Mrisho kwa mara ya kwanza kama mjane anavyolia, kwa sauti, mpaka Nikolao akaja na kumwekea mkono wake mfupi begani. Safari hii Sijaona hakujitenga.

Kulikuwa na maneno mengine mawili ambayo daktari alimweleza kabla ya kumruhusu. La kwanza, kwamba mba ikipona, weupe hubaki miezi kadhaa. "Wakikupiga picha tena wiki ijayo, utaonekana vile vile." La pili alilisema polepole. "Umekaa hapa na wagonjwa. Ukoma hauambukizi kwa urahisi, lakini huchukua miaka kujitokeza. Nitataka kukupima tena kila mwaka. Ukiona mahali ngozi imepoteza fahamu, usingoje."

Bibi Ethel alikuwa anapanda Newala kutibu watu, wakafuatana. Akida Sadallah aliwapokea barazani, akamtazama Sijaona shingoni, akarudi nyuma.

"Bibi, madoa bado yapo. Nina picha."

"Nami nina mtu mwenyewe," alisema daktari. "Nimemgusa kila doa. Daktari wa pwani hakupewa nafasi hiyo. Alipewa karatasi akasema alichoweza kusema. Kosa ni kuichukua shaka yake kama hukumu."

Sadallah alikohoa. Alikuwa amepeleka watu wengine kwa njia hiyo hiyo. Ilionekana usoni kwamba anawakumbuka. "Aende kwao," alisema mwishowe.

Kitangari walimpokea kama watu wanavyompokea aliyetoka kaburini: kwa vigelegele, kwa umbali. Mwanaisha alikuwa amerefuka. Yuliana alimrukia dada yake, akacheka na kulia, akaharakisha kupika. Sijaona alikaa karibu na mafiga, akimtazama mdogo wake, ngozi ile ile safi ya kwenye picha. Uji ulipochemka Yuliana alinyanyua chungu kwa mikono mitupu, akakitua chini taratibu, huku akiendelea kuzungumza.

Kwenye kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kulikuwa na lengelenge jipya. Kando yake, kovu la zamani.

"Umeungua," Sijaona alisema.

Yuliana alikiangalia kidole kama ni cha mtu mwingine. "Lo. Sijui lini."

Sijaona hakula. Jioni kabla giza halijaingia alimwomba mdogo wake akae, amtazame chawa kichwani kama zamani. Akaokota unyoya wa kuku uani. Alimgusa shingoni, Yuliana akatikisa kichwa kufukuza inzi. Akamgusa sikioni, hivyo hivyo. Akashuka kwenye mkono wa kushoto, nyuma, juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo siku zote hufichwa na nguo au na mtungi. Pale palikuwa na alama ndogo, imefifia kiasi kwamba ilimbidi ainamishe kichwa kuiona. Kavu, haina kinyweleo hata kimoja. Akaburuza unyoya juu yake, akarudia. Yuliana aliendelea kusimulia habari za mavuno ya ufuta.

Sijaona alibaki ameshika unyoya. Alijua pale chini ya mlima palivyo. Angeweza kuutupa unyoya ule na kunyamaza, na hakuna picha duniani ambayo ingemsaliti mdogo wake. Kisha Mwanaisha alitoka ndani, akajilaza kwenye paja la mama yake mdogo, kichwa juu ya mkono ule ule.

"Yuliana," Sijaona alisema. "Twende Newala kesho. Kwa Bibi Daktari."

Yuliana aligeuka, akauona unyoya, na usoni mwake kukaingia kitu ambacho Sijaona alikuwa amekiona kwa wale wa kijiji cha chini.

"Umenigusa nao?"

"Nimekugusa."

"Wapi?"

Sijaona aliutazama ule mkono wa kushoto. Yuliana alijipapasa mkono mpaka akafika pale, akapabana kwa kucha, akabana zaidi, damu ikatoka. "Mkono huu hulala wenyewe," alinong'ona. "Tangu ile njaa. Nilidhani ni wafu wanaushika. Dada, walikokupeleka, utanipeleka?"

"Mimi si daktari. Nimekugusa kwa unyoya tu, na unyoya hautoshi. Waliniondoa kwa sababu ya kutazamwa tu. Wewe sitakuhukumu hivyo. Akupime yeye, yote."

Bibi Ethel alimpima yote. Alama ile haikusikia pamba, wala maji ya moto, wala ya baridi. Nyuma ya kiwiko mshipa ulikuwa mnene, unaviringika chini ya kidole kama kamba ya mtungi, na kidole kidogo kilishindwa kushika karatasi. Darubini haikuona wadudu. "Hata hivyo ni ukoma," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote. Akaomba kuiona ile picha ya Sadallah. Yuliana alikuwa amesimama humo, uso umejaa nuru, mzima kuliko watu wote. Daktari alimpima Mwanaisha pia, unywele hadi unyayo. Hakuwa na kitu, ila naye aliwekwa kwenye miadi ya kila mwaka.

Dawa ya kuponya haikuwepo siku zile. Yalikuwepo mafuta machungu kutoka Bara Hindi, ambayo huenda yakasaidia na huenda yasisaidie, na yalikuwepo maarifa ya kulinda mikono isiyojua moto. Yuliana alishuka Masasi bila kufunikwa shuka; Sijaona aliikataa mbele ya askari, akaitupa vichakani.

Mwanaisha aliachwa kwa shangazi yake, katika kijiji cha Chilangala. Sijaona mwenyewe alijenga kibanda nje kidogo ya kijiji cha wagonjwa, ng'ambo ya kijito, akalima ufuta na mtama. Madoa yake yalififia mwaka ule, akarudiwa nayo joto lilipokuja, akapaka mafuta. Kila alfajiri aliupitisha unyoya mikononi na miguuni mwake, akisikiliza, na hakuacha desturi hiyo hata alipozeeka na daktari alipokwisha kurudi kwao. Kibuyu hakukisikia tena. Alisema mwenyewe kwamba ukimya ule ulimtisha kuliko sauti.

Asubuhi moja ya masika, alipokuwa akimwosha Yuliana mikono na kuifunga, Yuliana alimwuliza kama anajuta kuokota unyoya ule.

"Kila siku," Sijaona alijibu, akaendelea kufunga.